Sera ya kazi: mtumishi akifikishwa mahakamani kwa mambo ya nje ya ofisi, aripoti nini na asiripoti nini?

Kalamu ya Ofisini (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Nipo kwenye asasi binafsi Kanda ya Ziwa, watumishi 84, kazi yetu lishe na afya ya watoto. Tuna magari sita, ghala la dawa na unga wa lishe, na dirisha la kuwalipa wahudumu wa vijijini. Mambo ya utumishi nayashika mimi, peke yangu.

Mwezi uliopita tumegundua kuwa keshia wetu ana kesi mahakamani, na ina miezi minne sasa. Wenzake wa kikoba cha mtaani wanamtuhumu wizi wa shilingi milioni tatu na laki mbili. Yeye ndiye alikuwa mweka hazina wao. Ofisini hakusema neno. Kila baada ya wiki mbili alikuwa anaomba ruhusa ya kumpeleka mama yake kliniki, kumbe ndizo siku za kesi kutajwa. Tumejua baada ya mtu kurusha kwenye kundi la wasapu picha yake amekaa kwenye benchi la mahakama, kajifunika ushungi, kitambulisho chetu kinaning'inia shingoni.

Mkurugenzi anataka mambo mawili: keshia aondoke, na sera iandikwe. Kipengele amekiandika kwa mkono wake mwenyewe:

"Mtumishi yeyote atakayekamatwa, kuhojiwa au kushtakiwa kwa kosa lolote ataripoti kwa maandishi ndani ya saa 24 akieleza kwa ukamilifu mazingira ya tukio. Atakayeshindwa kuripoti ataachishwa kazi mara moja."

Kuna kitu kinanikera humo ila nashindwa kukitaja. Waliowahi kuandika sera za aina hii naombeni mawazo.

Jembe Butu

Sioni cha kujadili. Ana kesi ya wizi halafu kila siku anahesabu hela za miradi? Mpe barua aende zake. Na hicho kipengele cha mkurugenzi kiko sawa kabisa, watu wanyooke.

Sheria Mtaani

Jembe, taratibu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini imekataza kumchukulia hatua mtumishi mwenye kesi ya jinai mpaka mahakama imalize, na rufaa juu. Kwa hiyo huyo keshia hagusiki. Mwacheni kwenye dirisha lake hadi hukumu. Mkimgusa mtakutana Tume ya Usuluhishi na mtalipa.

Mwalimu wa Kata

Nakaa mbele kwenye huu uzi. Sisi walimu ukipata kesi unasimamishwa kwa nusu mshahara, ukishinda unarudishiwa nusu yako. Sijui kwa nini mnahangaika, tumieni utaratibu huo huo.

Jembe Butu

@Sheria Mtaani kwa hiyo mwizi analindwa na sheria. Safi sana.

Mama Usuluhishi

Habari zenu wanangu. Nilikaa miaka mingi kwenye migogoro ya kazi, sasa nimestaafu nafuga kuku, ila huu uzi umenivuta.

Sheria Mtaani, umeshika mkia ukadhani ndiye ng'ombe mzima. Kifungu unachokisema, kwa namba za toleo la 2019, ni cha 37(5). Kinasema mtumishi aliyeshtakiwa kwa jinai asipewe adhabu wala kuachishwa kazi kwa kosa ambalo *kwa kiini ni lilelile* mpaka kesi na rufaa viishe. Hapo kwenye "lilelile" ndipo pa kutazama. Keshia ameshtakiwa wizi wa hela za kikoba. Ofisi haiwezi kuitisha kamati ya nidhamu imhukumu kwa kuiba hela za kikoba. Hata ingeruhusiwa, ushahidi ingeutoa wapi? Daftari la kikoba hamnalo.

Lakini kosa la kudanganya sababu ya ruhusa ni jingine kabisa. Halimo kwenye hati ya mashtaka. Hilo mnaweza kulisikiliza kesho: mpeni tuhuma kwa maandishi, mpeni si chini ya saa 48 ajiandae, aje na mwakilishi wake, ajieleze. Mkishamsikiliza mtoe adhabu inayolingana na uongo wa ruhusa. Msimpe adhabu ya wizi mkaivika jina la uongo. Wasuluhishi wanaijua hiyo janja. Barua ya kuachishwa kazi inasema "uongo wa ruhusa", ukifungua mwenendo wa kikao kurasa saba zote zinazungumzia kikoba.

Tena "asiguswe" siyo "abaki kwenye dirisha la hela". Kumhamishia kwenye kazi nyingine kwa mshahara uleule siyo adhabu, ikiwa mmemweleza sababu na hamkumdhalilisha. Na Kanuni ya 27 ya Kanuni za Utendaji Bora, Tangazo la Serikali namba 42 la 2007, inaruhusu kumsimamisha mwenye kesi ya jinai kwa mshahara *kamili*. Mwalimu, nusu mshahara ni ya kwenu utumishi wa umma. Asasi binafsi ikikata nusu imeshatoa adhabu kabla ya hukumu.

Kalamu ya Ofisini

Asante sana Mama. Na kosa la kutoripoti, hilo linakuwaje? Mkurugenzi amelishikilia hilo kuliko yote.

Mama Usuluhishi

Mlikuwa na kanuni inayomtaka aripoti?

Kalamu ya Ofisini

Hapana. Kanuni zetu zinasema tu "mtumishi atalinda heshima ya asasi ndani na nje ya kazi".

Mama Usuluhishi

Basi hapo hamna kosa. Kanuni ya 12 ya tangazo lilelile inauliza maswali ambayo hamtayajibu: kanuni ilikuwepo? Inaeleweka? Mtumishi aliijua au alipaswa kuijua? Inatumika kwa wote sawa? "Heshima ya asasi" haimwambii mtu kwamba akisomewa mashtaka aje kwako. Sera utakayoiandika leo haiwezi kurudi nyuma imkamate kwa ukimya wa miezi minne iliyopita. Itamkamata kuanzia siku atakayopewa, ikisema kwamba hata wenye kesi zinazoendelea watoe taarifa.

Dereva wa Masafa

Niruhusuni niseme yangu, maana hicho kipengele cha "kueleza kwa ukamilifu mazingira ya tukio" kimenirudisha mbali.

Nilikuwa dereva kwenye kampuni moja, sitaitaja. Jumapili moja, siyo siku ya kazi, kwa gari la shemeji yangu, niligonga bodaboda. Kijana akavunjika mguu. Nikashtakiwa kwa uendeshaji wa uzembe. Kazini tulikuwa na kanuni kama hiyo ya mkurugenzi, nami mtu mwaminifu nikakaa usiku nikaandika kurasa mbili. Nikaandika kila kitu, mpaka kwamba nilikuwa nimetoka msibani, sikulala, na "huenda nilisinzia kidogo". Nilidhani bosi ataniona binadamu.

Baada ya miezi miwili mpelelezi akafika ofisini kuuliza kama nina rekodi ya ajali. Afisa utumishi akampa faili zima. Siku ya kusikilizwa mwendesha mashtaka akatoa barua yangu, mwandiko wangu, saini yangu, akaisoma polepole: "huenda nilisinzia kidogo". Wakili wangu alinitazama tu. Kituoni maelezo niliyotoa yalikuwa mafupi, hayo mengine yote niliyapeleka mwenyewe, kwa uaminifu wangu.

Kwa hiyo dada au kaka Kalamu, ukiandika sera usimwambie mtu aeleze tukio. Aseme ana kesi, basi.

Kalamu ya Ofisini

Pole sana kaka Dereva. Nadhani hiki ndicho kilichokuwa kinanikera nikashindwa kukitaja.

Mama Usuluhishi

Dereva, pole mwanangu. Hiyo barua yako ningependa kila afisa utumishi aione.

Mtu aliyeshtakiwa ana haki ya kunyamaza kuhusu tukio lenyewe. Ofisi ikimlazimisha kwa tishio la kufukuzwa, inamvua haki hiyo kwa mlango wa nyuma. Tena ofisi haina faida nayo. Ofisi haina haja ya kujua nani alianza ugomvi, hiyo ni kazi ya hakimu. Kinachohitajika ni kujua kama kazi inaweza kuendelea salama.

Fomu niliyokuwa nawashauri watu ilikuwa ya nusu ukurasa. Inauliza mahakama gani, namba ya kesi, kosa kama lilivyoandikwa kwenye hati ya mashtaka, tarehe inayofuata, na masharti ya dhamana yanayogusa kazi. Hayo ya mwisho watu huyasahau, na kwangu mimi ndiyo yenye maana kuliko mengine yote. Mtu kaambiwa asitoke nje ya mkoa bila kibali cha mahakama, nanyi mmempangia safari ya wiki nzima mkoa jirani. Au kasalimisha hati ya kusafiria. Au anaripoti kituoni kila Jumatatu asubuhi, nanyi Jumatatu ndiyo siku ya kupakia magari. Mkimtuma amevunja dhamana, mmempoteza yeye na safari.

Chini ya fomu iandikwe kwa herufi kubwa: USIELEZE TUKIO.

Ukunga wa Pwani

Mimi nauliza hili la "kosa lolote". Jirani yangu Tanga alishtakiwa Mahakama ya Mwanzo kwa kutukana, ugomvi wa bomba la maji na mke mwenza. Na yeye aripoti kazini? Anauza kwenye duka la vitambaa.

Jembe Butu

Aripoti ndiyo. Kama hana la kuficha anaogopa nini?

Sheria Mtaani

Jembe unajua kesi inavyofunguliwa Mahakama ya Mwanzo? Mlalamikaji anaweza kwenda mwenyewe akalalamika kwa hakimu. Haihitaji upelelezi wa miezi sita. Ukigombana na mtu mpaka wa shamba leo, wiki ijayo una wito mkononi.

Sasa fikiria jirani huyo anajua kazini kwenu kuna sera kwamba ukishtakiwa unafukuzwa. Kazi yako umeshaiweka mkononi mwake. Mume mliyeachana, mdeni wako, wote wana rimoti ya ajira yako. Kesi za kubambikiwa zipo, tusijifanye hatuzijui.

Mama Usuluhishi

Hapo Sheria Mtaani umenena, na ng'ombe umemshika pembe sasa.

Ukunga wa Pwani

😄 Mama ana maneno.

Kalamu ya Ofisini

Kwa hiyo orodha ya makosa iweje? Nimejaribu kuandika "makosa yanayohusu uaminifu" nikaona kila mtu atasoma anavyotaka.

Mama Usuluhishi

Anza na kazi, makosa yaje nyuma. Chukua karatasi, andika pale kwenu mtu anaweza kuumiza wapi: hela, watoto, magari, dawa. Halafu kwa kila kimoja uliza, ni shtaka gani likiwepo lingenifanya leo nimsogeze mtu huyu kwenye nafasi yake wakati kesi inaendelea?

Anayeshika hela au mali za ghala: wizi, kughushi, kujipatia fedha kwa udanganyifu, rushwa. Dereva: makosa ya barabarani yaliyofika *mahakamani*, na leseni ikizuiwa au kusimamishwa. Ile faini ya elfu thelathini anayopigwa barabarani akalipa kwa namba ya malipo siyo kesi, msijaze makabati. Anayekutana na watoto: kosa lolote la ukatili au la kingono dhidi ya mtu, awe mtoto au mtu mzima. Mtunza dawa: dawa za kulevya, na wizi.

Kisha kuna mlango wa watumishi wote bila kujali cheo: kesi yoyote itakayomfanya ashindwe kuja kazini, yaani yuko mahabusu, au masharti ya dhamana yanamzuia. Hapo hata yule jirani wa mke mwenza na bomba ataripoti, siyo kwa sababu ya matusi bali kwa sababu Jumatano hatakuwepo.

Keshia akishtakiwa kwa kupigana baa na anaendelea kuja kazini, hiyo haiwahusu. Najua inauma kusikia.

Pwani ya Kaskazini

Salamu kutoka Mombasa. Sisi huku mambo yako wazi zaidi. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 44(4), inasema mfanyakazi akikamatwa kwa kosa la kifungo na ndani ya siku 14 hajaachiliwa kwa dhamana wala bondi, hilo ni kosa kubwa, unamwachisha papo hapo. Mnaweza kuiga hiyo, hakuna longolongo.

Mama Usuluhishi

Karibu ndugu yetu. Kifungu hicho kipo kweli, lakini na kwenu kuna cha 41, kinachotaka mfanyakazi aelezwe sababu na asikilizwe mbele ya mwenzake au mwakilishi wa chama, hata kwenye kuachishwa kwa papo hapo. Siku ya 15 haimfukuzi mtu yenyewe. Waajiri wengi wa huko wameangukia hapo hapo mahakamani.

Na huku kwetu hatuna kifungu cha siku 14. Tusikiazime.

Pwani ya Kaskazini

Ni kweli, cha 41 nilikuwa nimekisahau. Ila niambie, atasikilizwaje akiwa rumande? Nimeona mwajiri akituma barua ya kikao gerezani. Ilifika baada ya kikao.

Dereva wa Masafa

Hilo swali zuri. Kuna makosa hayana dhamana kabisa. Jamaa alikaa ndani kwa utakatishaji, kila wiki mbili "upelelezi haujakamilika", mwaka ukaisha.

Sheria Mtaani

Na mshahara je? Kanuni inasema kusimamishwa ni kwa mshahara kamili. Lakini mtu aliye mahabusu hajasimamishwa na ofisi, amezuiwa na dola. Mwajiri atasema hakufanya kazi, hakuna malipo. Yeye atasema sikukataa kuja. Mama unasemaje?

Mama Usuluhishi

Hapo nimeona wasuluhishi wawili wakienda njia mbili, na wote walikuwa na hoja. Mimi nilikuwa nashauri sera iseme mapema ofisi itafanya nini, kwa mfano likizo yake iliyobaki itumike kwanza kwa ridhaa yake, kisha watazame upya kila mwezi. Mbaya kuliko yote ni kukaa kimya miezi sita halafu kuandika "ametoroka kazini". Hajatoroka. Mnajua alipo, kuna geti na askari.

Kwa hiyo pia saa 24 za mkurugenzi haziwezekani. Mtu aliyekamatwa Ijumaa usiku, simu imechukuliwa, anaandika barua na nini? Mhesabieni kuanzia siku aliposomewa mashtaka, siku tano za kazi. Akiwa ndani, ndugu au wakili wake alete taarifa na ihesabike ameripoti. Dereva aliyezuiwa leseni ndiye asisubiri siku tano, aseme kabla hajashika usukani tena.

Mlezi wa Mradi

Nimewasoma wote kimya kimya. Mama nakuheshimu, lakini kwa watoto sikubaliani na "aliposomewa mashtaka".

Nafanya kazi ya ulinzi wa mtoto. Tuhuma ya kumdhalilisha mtoto ikifika dawati la jinsia na watoto pale polisi, mpaka ifike mahakamani inaweza kupita miezi. Mtoto hasemi siku ya kwanza, familia zinakaa vikao, jalada linaenda na kurudi. Wakati wote huo mtuhumiwa anapima uzito watoto wengine kliniki kwenu, na sera yenu inasema hana la kuripoti kwa sababu hajashtakiwa. Sitaweza kusimama mbele ya mzazi nikaeleza hilo. Kwa nafasi za watoto aripoti akishahojiwa kama mtuhumiwa.

Sheria Mtaani

Na akibambikiwa? Kuhojiwa hakuna kizingiti chochote. Katiba yenyewe, Ibara ya 13(6)(b), inasema ni marufuku mtu aliyeshtakiwa kutendewa kama mwenye kosa mpaka ithibitike. Wewe unamshughulikia hata kabla hajashtakiwa. Na tuhuma ya namna hiyo ikishavuja ofisini haifutiki, hata polisi wafunge jalada.

Mlezi wa Mradi

Sijasema ahukumiwe. Nimesema asipime watoto kwa sasa. Apewe kazi ya takwimu, mshahara uleule, na ajue mtu mmoja tu.

Sheria Mtaani

Kwenye ofisi ya watu 84, mpimaji akihamishiwa takwimu ghafla na sera hiyo ipo ukutani, chai ya saa nne haijaisha kila mtu ameshajua.

Mama Usuluhishi

Mlezi, kwa hilo la watoto nakupisha, ningeandika kama usemavyo, kwa nafasi hizo tu. Ila hoja ya Sheria Mtaani sijui ya kuifanyia nini. Niliwahi kushauri uhamisho wa zamu wa kawaida, watu wazoee kuhama kila robo mwaka ili anayehamishwa kwa sababu asijulikane. Ulifanya kazi ofisi moja, nyingine haukufanya.

Jembe Butu

Naona nimebaki peke yangu 😂. Sawa, lakini niulize kitu kimoja cha kweli. Mtu akiripoti, halafu? Maana nikijua nikiripoti naondolewa, siripoti ng'o. Keshia wenu alinyamaza kwa sababu hiyo hiyo, simtetei.

Mama Usuluhishi

Jembe, wewe ndiye umeuliza swali la maana kuliko wote leo.

Ndiyo maana sera iseme waziwazi kwamba kuwa na shtaka siyo kosa la nidhamu. Kosa ni kuficha pale ulipotakiwa kusema. Na mtu akisema, afisa utumishi amjibu kwa maandishi ndani ya siku kadhaa: tumepokea, utaendelea na kazi yako kama kawaida, *au* utahamia pale kwa muda, mshahara uleule, tutatazama tena tarehe fulani. Wengi watapata jibu la kwanza. Wenzao wakiona mtu karipoti ugomvi wake na bado yuko kazini, wataripoti. Wakiona wa kwanza kuripoti ameondoka, fomu zako zitabaki tupu mpaka zioteshe ukungu.

Ukunga wa Pwani

Na hizo fomu zinakaa wapi? Kwetu faili za watumishi ziko kwenye kabati ambalo ufunguo uko juu ya kabati.

Sheria Mtaani

Hapo kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Taarifa za mtu kuhusu makosa zimewekwa kwenye kundi la taarifa nyeti, pamoja na za kifedha na za vinasaba. Kanuni ya jumla ni ridhaa ya maandishi kabla ya kuzichakata, ingawa kuna hali ambazo sheria yenyewe inaruhusu bila ridhaa. Kwa hiyo fomu hiyo isichanganywe na faili la likizo. Bahasha yake, kabati lake, watu wawili wenye ruhusa. Na kesi ikiisha kwa kuachiwa huru, karatasi iharibiwe, ibaki tu kwamba suala lilifungwa.

Dereva wa Masafa

Na polisi wakija kuomba faili?

Sheria Mtaani

Walete amri au maombi rasmi yanayotaja wanachotaka, wapewe hicho tu. Siyo faili zima kama walivyokufanyia. Lakini kama fomu haina maelezo ya tukio, hata wakiichukua wamechukua namba ya kesi waliyoifungua wenyewe.

Mwalimu wa Kata

Swali dogo. Kesi "ikifutwa" ndiyo imeisha? Kwa kesi ya mwenzetu mmoja, Mkurugenzi wa Mashtaka alisema hana nia ya kuendelea nayo, tukamfanyia mwenzetu sherehe, baada ya wiki akakamatwa tena kwa kosa lilelile.

Mama Usuluhishi

Haijaisha. Kuondolewa kwa mashtaka siyo sawa na kuachiwa huru baada ya ushahidi kusikilizwa, anaweza kushtakiwa upya. Fomu iwe na sehemu ya pili, ya matokeo: ametiwa hatiani, ameachiwa huru, au mashtaka yameondolewa. Hilo la tatu msiharibu karatasi haraka.

Kalamu ya Ofisini

Wakuu, mrejesho baada ya siku tisa.

Nimemwandikia mkurugenzi upya. Kipengele kikuu sasa kinasema: "Mtumishi aliyesomewa mashtaka mahakamani kwa kosa lililotajwa kwa nafasi yake katika jedwali, au ambaye kesi au masharti ya dhamana yanamzuia kufanya kazi zake, atatoa taarifa kwa Afisa Utumishi ndani ya siku tano za kazi kwa fomu iliyoambatishwa. Hatatakiwa kueleza tukio. Kushtakiwa pekee si kosa la nidhamu." Kwa wanaokutana na watoto nimeongeza kuhojiwa kama mtuhumiwa, na hapo bado tunabishana ofisini kama mlivyobishana hapa. Tumewasomea watumishi wote kwa Kiswahili, kundi kwa kundi. Madereva ndio waliouliza maswali mengi. Mmoja aliuliza kama bodaboda yake ya jioni inahesabika, tukakubaliana inahesabika, leseni ni moja.

Keshia tulimwita kwa uongo wa ruhusa. Alikubali, akalia, akasema aliogopa. Amepewa onyo la maandishi, amehamishiwa kupanga ratiba za vijiji, mshahara uleule. Fomu ameijaza jana. Kwenye masharti ya dhamana ameandika: "kutotoka nje ya wilaya bila kibali". Nikafungua kalenda. Mwezi wa tatu wa kesi yake tulimtuma kulipa wahudumu wilaya ya pili, siku mbili, alilala huko. Hakukataa kwa sababu angekataa angeulizwa kwa nini.

Mkurugenzi amesaini sera, lakini amenirudishia jedwali na swali kwa penseli pembeni: "Na wakurugenzi wako kwenye nafasi ipi?" Nikiangalia, kweli sikuwaandika.

Jembe Butu

Yeye ndiye anaripoti kwa nani sasa?

Mama Usuluhishi

Kwa mwenyekiti wa bodi. Kalamu, liandike leo kabla penseli haijafutika.